Lori Lililouzwa Likaendelea Kuchakaa Kwenye Kompyuta

Nilijua kuna tatizo siku niliyokwenda yadi ya Miritini kuhesabu magari, Desemba 2025. Nilikuwa na orodha mkononi, imetoka kwenye mfumo asubuhi hiyo hiyo, na nilikuwa napita kila lori nikiangalia stika ya namba yake. Nilipata sita. La saba, lenye namba `FA-0014`, sikuliona. Nikamwendea mzee anayesimamia geti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo wahesabu gari?"

"Naam. Natafuta namba kumi na nne, kichwa cheupe."

"Hiyo huioni hapa. Ishauzwa tangu mwezi wa sita. Mwenyewe alikuja kuichukua baada ya Alasiri, na mimi ndiye niliyefungua geti."

Nilisimama pale na karatasi yangu. Wiki moja tu kabla, mimi mwenyewe nilikuwa nimebonyeza kitufe cha kukokotoa uchakavu wa Novemba, na lori hilo lilikuwa ndani. Kwa miezi mitano, Julai mpaka Novemba, tulikuwa tumelichaji uchakavu wa shilingi 105,000 kila mwezi, na hatukuwa nalo.

Mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo ya usafirishaji hapa Mombasa. Tunatoa makontena bandarini, tunayapandisha bara hadi Malaba. Tunatumia Business Central, ule mfumo ambao wengi bado wanauita Navisheni. Ninaandika kwa ajili ya mhasibu mwenzangu aliyekabidhiwa rejista ya mali za kudumu kwenye ERP bila mtu wa kumkalisha chini amwoneshe. Lori hili moja lilinifundisha karibu yote ninayoyajua kuhusu rejista, kwa sababu lilipita kila hatua: lilinunuliwa, likachakaa, likatathminiwa upya, likauzwa. Na katika hatua mbili za mwisho nilikosea.

Tulilinunua Januari 2021 kwa shilingi 9,600,000. Hizo ni za kichwa peke yake. Trela ina kadi yake kwenye rejista, namba yake na muda wake wa matumizi, na huo ndio ushauri wangu wa kwanza: kama vitu viwili vinaweza kutenganishwa na kuuzwa mbalimbali, vipe kadi mbili tangu siku ya kununua. Aliyenunua lori letu alitaka kichwa tu. Lau vyote vingekuwa kadi moja, ningelazimika kukisia ni kiasi gani cha gharama na uchakavu kiondoke na kichwa, na mkaguzi wa hesabu asingekubali makisio yangu bila ushahidi.

Tuliamua litatumika miaka minane, kisha tutaweza kuliuza kwa kama 1,920,000. Kiasi hicho cha mwisho ndicho thamani ya mabaki, na kwenye mfumo kinaitwa `Salvage Value`. Kinachobaki cha kuchakazwa ni 7,680,000. Ukigawa kwa miezi 96 unapata 80,000 kila mwezi bila kubadilika. Hiyo ndiyo njia ya mstari ulionyooka, `Straight-Line`.

Tajiri wetu hakuipenda. Yeye alikuwa amezoea kuona 25% kwenye karatasi za kodi, na aliuliza kwa nini tusitumie hiyo kila mahali. Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya inaruhusu magari yapunguzwe 25% kwa mwaka kwenye salio linalobaki, si kwenye gharama ya mwanzo. Mwaka wa kwanza 9,600,000 inashuka hadi 7,200,000, wa pili 5,400,000, na mwisho wa mwaka wa tatu, 2023, imebaki 4,050,000. Kwa mstari ulionyooka, siku hiyo hiyo, lori lina 6,720,000.

Namba zote mbili ni sahihi, kila moja kwa kazi yake. Ya kodi imewekwa na sheria na haijali gari lako linafanya kazi namna gani. Ya vitabu vya kampuni inatakiwa ifuate jinsi mali inavyotumika kweli, na malori yetu yanapiga safari zinazokaribiana mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana mfumo unakuruhusu kuipa mali moja vitabu viwili vya uchakavu. Sisi tunacho `COMPANY`, kinachoandika hadi leja kuu, na tukaongeza kingine tulichokiita `KODI`, chenye njia ya `Declining-Balance 1` na 25%, ambacho tumekizimia kiungo cha leja. Hicho cha pili kinahesabu kimya kimya, na mwisho wa mwaka natoa ripoti yake ya kujazia hesabu ya kodi. Nimewahi kuona wenzetu wakitumia kiwango cha kodi kwenye vitabu vyao kwa sababu ni rahisi. Matokeo yake ni magari yanayoonekana karibu hayana thamani huku bado yanapanda Mazeras kila siku, kisha yakiuzwa inatokea faida kubwa ambayo kwa kweli ni uchakavu uliozidishwa miaka ya nyuma.

Mwisho wa 2023 ndipo mambo yalipoanza kunichanganya. Shilingi ilikuwa imeshuka sana. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Bei za malori, hata yaliyotumika, zilipanda. Benki tuliyoiendea kwa mkopo ilitaka kuona mali yetu ina thamani gani sasa, na tajiri akaamua yatathminiwe upya. Kwa kubana gharama akamwita mthamini kwa malori matatu tu, yale mazuri zaidi.

Sikumpinga, na nilitakiwa kumpinga. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 16, kiko wazi hapa: ukitathmini upya mali moja, ni lazima utathmini kundi lake lote. Huwezi kuchagua zilizopanda bei ukaziacha zilizoshuka. Mkaguzi alipokuja Machi 2024 aliisoma ripoti ya mthamini, akahesabu malori, akaikataa. Mthamini akaitwa tena kwa manne yaliyosalia, na safari hiyo ya pili tuliilipia kama kazi mpya. Mawili kati ya hayo manne yalikutwa yameshuka chini ya thamani ya vitabu, na ule upungufu ukaingia kwenye matumizi ya mwaka. Ripoti nzuri ya tajiri ilipungua. Halafu kuna jambo la pili ambalo hakuliwaza: ukishaanza njia hii, utapaswa kurudia tathmini kila thamani ya soko inapotengana sana na iliyo vitabuni. Gharama ya mthamini haiishi mara moja. Leo mtu akiniuliza, namwambia kwanza aiulize benki kama itatosheka na ripoti ya mthamini peke yake bila kugusa vitabu. Mara nyingi benki inataka hiyo karatasi tu.

Lori letu namba kumi na nne lilikuwa na 6,720,000 vitabuni, mthamini akasema 8,220,000. Ziada ni 1,500,000. Ziada hii si faida. Haiingii kwenye mapato ya biashara, inapita kando na kukaa kwenye mtaji, katika akaunti ya akiba ya tathmini. Hilo nililijua. Kosa langu lilikuwa mlango nilioutumia kuiingiza.

Nilifungua jono la kawaida la leja. Nikadebiti akaunti ya magari 1,500,000, nikakrediti akiba ya tathmini kiasi hicho hicho, nikapitisha na marekebisho ya malori mengine humo humo. Leja ikatoka sawa kabisa, mizania ikasoma vizuri, mkaguzi akasaini hesabu za 2023. Nami nikalala usingizi.

Ila rejista haikuwa imesikia chochote. Watu wengi wanadhani rejista na leja ni kitu kimoja kwa kuwa viko ndani ya mfumo mmoja. Si hivyo. Leja kuu ina akaunti moja iitwayo magari, yenye jumla. Rejista ina kadi saba, kila moja na historia yake. Ukipitia kwenye rejista, mfumo unaandika pande zote mbili kwa pamoja. Ukienda moja kwa moja kwenye leja, rejista inabaki palepale, na mashine ya uchakavu husoma rejista peke yake. Kwa hiyo mwaka mzima wa 2024 lori liliendelea kuchajiwa 80,000 kwa mwezi, kana kwamba mthamini hakuwahi kuja. Zilizotakiwa ni hizi: 8,220,000 toa mabaki 1,920,000, gawa kwa miezi 60 iliyosalia, sawa na 105,000.

Nilikuja kugundua Januari 2025 nikifunga mwaka. Nilitoa ripoti ya `Fixed Asset Book Value 01`, nikaiweka kando ya mizania ya majaribio, na jumla zikapishana. Tofauti ilikuwa sawasawa, hadi shilingi ya mwisho, na jumla ya marekebisho yale niliyoyapitisha kwenye leja. Hiyo ndiyo dalili. Tofauti ikiwa namba kamili unayoikumbuka, tafuta jono lililopita pembeni. Ikiwa namba ya ajabu inayokua kila mwezi, tafuta uchakavu unaokokotolewa upande mmoja tu.

Kurekebisha kulinichukua siku mbili. Nililigeuza lile jono la leja, kisha nikaingiza ziada upya kupitia `Fixed Asset G/L Journal`, aina ya `Appreciation`, tarehe 1/1/2024, upande wa pili ukiwa akiba ya tathmini. Kwa kuwa majono haya mawili yana tarehe moja, leja haikusogea, ila sasa kadi ya lori ikasoma 8,220,000. Halafu nikaenda kwenye maingizo ya lori, nikafuta uchakavu wa miezi kumi na miwili kwa kitufe cha `Cancel Entries`, nikaukokotoa upya. Kwa lori hilo moja, matumizi ya 2024 yaliongezeka 300,000. Kabla ya kukokotoa, angalia `FA Posting Type Setup` ya kitabu chako: kama `Appreciation` haikutiwa alama ya `Include in Depr. Calculation`, kadi itapanda thamani lakini uchakavu utabaki ule wa zamani, na utadhani umemaliza. Nilijaribu kwanza kwa lori moja, nilipoona 105,000 ndipo nikaendelea na mengine.

Ungedhani baada ya hapo nilijifunza. Nilijifunza kuhusu tathmini tu, sikuona kwamba mlango ule ule ulikuwa bado wazi kwa mauzo.

Mei 2025 lori liliegeshwa kwa wiki kadhaa, tajiri akitafuta mteja. Msaidizi wangu aliuliza kama tusimamishe uchakavu kwa kuwa halifanyi kazi. Nilimwambia hapana, na hapo nilikuwa sahihi: kwa mstari ulionyooka, gari kukaa bure hakusimamishi uchakavu. Unasimama mali inapoondolewa vitabuni, au inapotengwa rasmi kama mali inayosubiri kuuzwa, na hiyo ina masharti yake ambayo sisi hatukuyatimiza. Tarehe 30 Juni likapata mnunuzi wa Voi, kwa 6,000,000 na VAT ya 16%, yaani 960,000 juu yake. Mimi nilikuwa nyumbani Likoni na mtoto mgonjwa wiki hiyo. Ankara ilitengenezwa na kijana wa mauzo, ambaye kazi yake ya kila siku ni ankara za kontena. Alifanya alichokijua: mstari wa ankara akauweka aina ya `G/L Account`, akachagua mapato mengineyo, akaandika "kuuza kichwa cha lori", akatuma. Ankara ikapita eTIMS, mteja akalipa, VAT ikalipwa vizuri. Kila mtu aliridhika.

Alichotakiwa kuchagua kwenye mstari ule ni aina ya `Fixed Asset`, kisha `FA-0014`. Ni sehemu moja ndogo ya kuchagua, haizidi upana wa kidole. Ukichagua hiyo, mfumo unalitoa lori kwenye rejista, unatoa gharama na limbikizo la uchakavu wake kwenye leja, unalinganisha bei ya kuuza na thamani ya kitabu, na kuandika faida au hasara. Ukichagua akaunti ya mapato, mfumo unaandika kwamba umepata milioni sita na lori bado unalo.

Ripoti ya miezi tisa ya kwanza ilitoka na faida iliyovimba. Mapato yalikuwa na milioni sita ambazo si mapato ya usafirishaji hata kidogo. Tajiri alifurahi, akatoa bonasi kwa madereva na matingo mwezi wa Oktoba, shilingi 240,000 kwa jumla. Pesa hizo hazikurudi, na wala sikutaka zirudi, waliokula walistahili. Lakini zilitolewa kwa hesabu yangu iliyokosewa, na hilo liliniuma kuliko maneno yoyote niliyoambiwa ofisini.

Nilipotoka Miritini siku ile nilirudi ofisini nikaandika hesabu ya lori kwa mkono kabla ya kugusa kompyuta. Nakushauri ufanye hivyo. Usipojua jibu linalotakiwa, huwezi kujua kama mfumo umekupa lililo sahihi. Kutoka Januari 2024 hadi Juni 2025 ni miezi 18:

```
Baada ya tathmini: 8,220,000 - (18 x 105,000) = 6,330,000
Bila tathmini:     6,720,000 - (18 x 80,000)  = 5,280,000
Bei ya kuuza (bila VAT)                       = 6,000,000
```

Vitabuni lori lilikuwa na 6,330,000, tukauza 6,000,000. Tumepata hasara ya 330,000. VAT haimo kwenye hesabu hii, ni pesa ya serikali iliyopita mikononi mwetu.

Nilipompelekea tajiri karatasi hii alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Binti, gari tumeliuza bei nzuri. Kila mtu mjini aniambia nimepiga bei. Hasara yatoka wapi?"

Nikamwonesha mstari wa pili. Lau tusingetathmini upya, lori lingekuwa na 5,280,000, na tungeandika faida ya 720,000. Bei ni ile ile, gari ni lile lile, pesa ni zile zile. Tofauti kati ya faida ya 720,000 na hasara ya 330,000 ni 1,050,000, na hizo ziko kwenye akiba ya tathmini. Ziada ilikuwa 1,500,000; miezi 18 ya uchakavu wa ziada wa 25,000 kwa mwezi imetumia 450,000; imebaki 1,050,000 kamili.

"Basi ziingize hizo kwenye faida tufute hasara," akasema.

Hapo ndipo penye kizuizi ambacho wengi hawakijui. IAS 16 hairuhusu. Mali ikishauzwa, akiba yake iliyobaki huhamishwa moja kwa moja hadi faida iliyolimbikizwa ya miaka yote, ndani ya mtaji, bila kupita kwenye taarifa ya mapato na matumizi. Uliiingiza kwa mlango wa mtaji, na haitoki kwa mlango wa biashara. Wenye kampuni hawakupoteza kitu, maana mtaji mzima ni ule ule, ila taarifa ya mwaka itaonesha hasara. Yule anayetathmini mali zake kwa ajili ya kupendeza benki ajue kwamba anajiongezea uchakavu kila mwezi, na anapunguza faida yake siku ya kuuza. (Namba hizi nimeziandika kabla ya kodi iliyoahirishwa, ambayo mkaguzi huikata kwenye akiba hiyo kwa 30%.)

Na mfumo haukuhamishii akiba hiyo wenyewe. Unatoa lori, unaandika hasara, unaishia hapo. Jono la akiba ni lako. Nimeshaona vitabu vyenye akiba ya tathmini ya mali zilizouzwa miaka mingi iliyopita, kwa sababu hakuna aliyekumbuka. Mimi sasa nina jedwali dogo lenye mstari kwa kila lori: ziada ya mwanzo, kiasi kinachohamishwa kila mwaka, salio. Lori likiuzwa, mstari wake lazima usome sifuri.

Kuhusu kodi nilimweleza kwa kifupi. Mamlaka ya mapato haiitambui tathmini yetu wala hasara yetu ya 330,000. Hasara hiyo inarudishwa kwenye hesabu ya kodi kana kwamba haikuwepo, na kinachotazamwa ni bei tuliyouza dhidi ya salio la kitabu cha `KODI`, ambalo mwisho wa 2024 lilikuwa 3,037,500. Alielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Kuuza gari kwa hasara vitabuni na bado liongeze kodi ni jambo linalowezekana kabisa.

Kurekebisha mfumo nilikufanya kwa mpangilio huu, na mpangilio una maana. Kwanza nilifuta uchakavu wa Julai hadi Novemba kwenye kadi ya lori, 525,000 zikatoka kwenye matumizi. Usipoanza hapa, thamani ya kitabu inabaki imepungua kupita kiasi, na ukihesabu mauzo juu yake hasara ya kweli inageuka kuwa faida ya uongo ya 195,000. Pili, sikuigusa ankara. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuitolea noti ya mkopo na kuandika nyingine, lakini ankara ilikuwa sahihi kwa mteja na kwa VAT. Kosa lilikuwa la ndani. Kuifuta kungemlazimu mnunuzi wa Voi naye arekebishe vitabu vyake. Badala yake nilitumia `Fixed Asset G/L Journal`, aina ya `Disposal`, tarehe 30/06/2025, kiasi -6,000,000 kwa alama ya kutoa, na akaunti ya upande wa pili ikawa ile ile ya mapato mengineyo. Milioni sita zikatoka kwenye mapato, lori likatoka kwenye rejista.

Juni ilikuwa imefungwa. Ilibidi nifungue tarehe sehemu mbili, `General Ledger Setup` na `FA Setup`, maana mali za kudumu zina ulinzi wao wa tarehe. Nilifungua ya kwanza tu nikapoteza saa nzima nikisoma ujumbe wa kukataliwa. Ukimaliza, zifunge zote mbili. Kisha nikafungua kadi: thamani ya kitabu sifuri, hasara 330,000, kama karatasi yangu ilivyosema. Nikapitisha jono la akiba, 1,050,000, nikazima kompyuta. Feri ya usiku ilikuwa karibu tupu.

Mkaguzi aliongeza ada ya 85,000 kwa kazi ya ziada ya kupitia marekebisho. Na kuna gharama moja niliyoikuta baadaye: bima ya lori ilikuwa imehuishwa Agosti kwa sababu ofisa wa bima alitumia orodha iliyotoka kwenye rejista yangu. Rejista ikikosea, wanaoitegemea wote wanakosea nayo.

Nimefunga mlango sasa. Kwenye kadi ya kila akaunti ya leja inayohusu mali za kudumu, gharama, limbikizo la uchakavu na ziada ya tathmini, nimezima `Direct Posting`. Hakuna jono la mkono linaloweza kuingia humo tena, hata langu. Akaunti ya mapato mengineyo siwezi kuizimia, ina kazi nyingine, kwa hiyo naisoma mstari kwa mstari kila mwezi, na kiasi chochote kinachozidi 100,000 naomba karatasi yake. Uchakavu siukokotoi mpaka nilinganishe ripoti ya rejista na leja, na magari tunayahesabu kila robo mwaka badala ya Desemba pekee.

Jambo la mwisho tuliliweka getini. Gari halitoki yadi kwa kuuzwa bila fomu yenye namba ya rejista na saini yangu. Mwezi wa Februari simu yangu ililia nikiwa kwenye foleni ya feri.

"Mwanangu, kuna mtu yuko hapa na trela ya namba kumi na tisa, asema ameinunua. Fomu sijaiona."

"Mzuie kidogo, mzee. Nafika."

Nilipofika Miritini mnunuzi alikuwa amekaa kivulini anakunywa kahawa ya tangawizi, na mzee ameuvuta mnyororo wa geti, ufunguo umo mfukoni mwake.